Mshale wa Swali la Saba

Mwalimu wa saketi katika chuo kile cha ufundi alikuwa na jina lake la kwenye vyeti, lakini halikuwa na kazi. Wanafunzi walimwita Mshale. Alijua, na kimoyomoyo lilimpendeza. Jina lilitokana na wimbo wake wa kila mwaka: kabla hujaandika mlinganyo wowote, weka kidole kwenye mshale. Mkondo unaelekea wapi? Ukishalijua hilo ndipo ushike kalamu. Aliuimba wimbo huo kwa miaka ishirini na sita, na wapo mafundi wenye wajukuu ambao hadi leo hawawezi kusoma mchoro bila kuugusa kwanza.

Mtu wa namna hiyo akikasirika, hukasirika kwa haki. Angalau ndivyo anavyojiona. Na Jumanne ile, kwenye chumba cha walimu, feni ikilia juu ya kichwa chake na rundo la karatasi za mtihani likiwa mbele yake, Mshale alikuwa amekasirika mpaka masikio yakamwaka.

Kilichomkasirisha ni swali la saba. Lilikuwa swali lake mwenyewe, alilolitunga miaka kumi na moja iliyopita, na alilipenda kuliko unavyostahili kupendwa mchoro wa vitu sita. Chanzo cha volti kumi kinalisha nodi ya kwanza, yaani makutano ya nyaya, kupitia rezista. Kutoka nodi hiyo kapasita inashuka hadi waya wa chini, na mkondo wa kapasita hiyo unaitwa Ix. Koili inaunganisha nodi ya kwanza na ya pili. Kwenye nodi ya pili kuna rezista nyingine inayoshuka chini, na pembeni yake kuna yule mkorofi mwenyewe, chanzo tegemezi. Chanzo hicho hakina kauli yake. Kinamtazama Ix, kisha kinasukuma ndani ya nodi ya pili mkondo ulio mara mbili ya Ix, ukubwa na pembe. Ix akigeuka, nacho kinageuka.

Rezista, koili na kapasita zote ni za kiloomu moja moja, ila koili inabeba j, alama ya kugeuza pembe kwa nyuzi tisini, na kapasita inabeba hasi j, kwa sababu katika mkondo geu vitu havipandi na kushuka kwa pamoja. Kimoja hutangulia, kingine huchelewa. Ndiyo maana kila volti na kila mkondo huandikwa kwa ukubwa na pembe yake, na hiyo ndiyo fazori. Unaandika mlinganyo wa kila nodi, ukihakikisha kinachotoka kinalingana na kinachoingia, unatatua, unapata volti ya nodi ya pili. Jibu la Mshale lilikuwa volti 7.28 kwenye pembe ya hasi nyuzi 76. Alilijua kama anavyojua namba ya mlango wake.

Wanafunzi tisa walikuwa wameandika volti kumi kwenye nyuzi 180. Yaani hasi kumi, basi. Jibu safi, halina hata nukta.

Angekuwa mmoja, angempa alama tatu za kumwonea huruma na kuendelea. Lakini tisa? Kwa j zile zote na hasi zile zote? Mshale aliamini kwamba watu hukosea kila mtu kivyake, na wanaokosea sawasawa wamekaa karibu. Alizipanga karatasi tisa mezani, akapiga kalamu nyekundu kwenye kila moja. Alijiona amechezewa. Kumfundisha mtu muhula mzima, kumkaripia, kumchekesha, halafu aje kukuibia mbele ya macho yako. Kabla ya saa sita alikuwa ameshaandika barua kwa mkuu wa idara kwamba wanafunzi tisa wamekula njama katika mtihani, na kwa mujibu wa kanuni waondolewe chuoni. Kikao kikapangwa Alhamisi saa nane mchana.

Mshale hakuwa mtu wa kupendelea, na hakuacha mtu yeyote asijue. Ushahidi wake ulikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake wa damu. Miaka sita iliyopita kijana huyo alikaa darasani kwake, akapata alama 38 pale zilipotakiwa 40, na mjomba akamfelisha bila kupepesa jicho. Kijana aliacha chuo. Sasa aliuza magodoro kwenye duka moja karibu na soko, na watu walisema hata balbu ikiungua kwa mama yake hagusi, anaita fundi. Dada mtu alikuwa bado anampikia kaka yake akienda kumtembelea, ila alikuwa akiweka sahani mezani na kwenda kukaa chumba kingine. Mshale alilihesabu hilo kuwa gharama ya uadilifu, na aliwahi kulitolea mfano mbele ya walimu wapya.

Alhamisi asubuhi, kipindi kilipoisha, wanafunzi walitoka wamenuna, wengine wakiburuta miguu kwa makusudi. Mmoja alibaki. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, fundi wa pampu za maji aliyekuwa ametengeneza mota kwa miaka kumi na minane kabla ya kuambiwa kazini kwake kwamba bila cheti hatapandishwa, na wadogo zake wa juzi wataendelea kumsimamia. Alikuwa wa kwanza katika orodha ya wale tisa. Chuo hakikuwa na mlango wa pili kwa aliyefukuzwa kwa wizi wa mtihani, na kazini kwake barua kama ile ingetosha kumtoa hata pale alipokuwa.

Alimwambia kwamba hakuibia. Mshale akajibu, huku akifuta vumbi la chaki mikononi, kwamba hayo atayasema kwenye kikao. Fundi hakuondoka. Alisema kwenye kikao hakutakuwa na ubao.

"Na ubao wa nini?"

"Mwalimu, watu tisa hawawezi kukosea sawasawa."

"Ndiyo nilichoandika kwenye barua."

"Basi huenda hatukukosea."

Mwalimu mwingine angecheka. Mshale alipandwa na hasira upya, maana hakuna kinachomuudhi mwalimu kama kubishiwa na mtu mtulivu. Alichukua chaki. Alisema atamwonyesha mara moja, na baada ya hapo asisikie tena habari ya swali la saba maishani mwake.

Hakutazama karatasi. Alichora saketi kwa kichwa, akaandika jibu lake la nodi ya pili, na la nodi ya kwanza pia, akayavunja kila moja katika sehemu halisi na sehemu ya j. Nodi ya kwanza: 2.94 toa j1.76. Nodi ya pili: 1.76 toa j7.06. Kisha akaanza kuhakiki, maana hiyo ndiyo raha ya nodi, haihitaji imani. Majibu yakiwa sahihi, mikondo inayotoka kwenye nodi ikijumlishwa inaleta sifuri. Yasipokuwa sahihi, haileti.

Alihakiki nodi ya kwanza. Mkondo unaorudi kwenye chanzo, mkondo wa kapasita, mkondo wa koili. Aliandika upesi, chaki ikigonga, na jumla ikawa sifuri kwa sehemu halisi na sifuri kwa sehemu ya j. Alipigia mstari mara mbili.

"Umeona?"

"Nimeona," alisema fundi. "Lakini hapo chanzo tegemezi hakipo. Hapo hata jibu langu linafika sifuri. Fanya ya pili."

Kusema kweli Mshale hakuwahi kuhakiki nodi ya pili. Kwa miaka kumi na moja hakuona haja. Nani anayehakiki namba ya mlango wake? Alivuta pumzi puani, akaandika. Kupitia rezista na koili, mkondo unaotoka nodi ya pili ulikuwa hasi 3.53 toa j5.88. Kilichobaki ni chanzo tegemezi kuingiza kiasi hichohicho. Alipotaka kuandika mara mbili ya Ix, fundi akamuuliza Ix ni kiasi gani. Mshale akasema ni volti ya nodi ya kwanza ikigawanywa kwa kapasita, kisha igeuzwe ishara.

"Igeuzwe kwa nini?"

"Kwa sababu mshale unapanda. Mkondo Ix unatoka chini kwenda juu."

Fundi alifungua begi lake la vifaa, akatoa karatasi ya maswali iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza ya mwalimu. Hakuinua sauti. Alisema, "Weka kidole, Mwalimu."

Mshale hakutaka. Alihisi upuuzi, mzee mzima anaambiwa aweke kidole kama mtoto wa muhula wa kwanza. Lakini lilikuwa sharti lake mwenyewe na hakuwa na pa kulikwepea. Alivaa miwani, akaweka kidole kando ya kapasita, na macho yakafuata kidole.

Mshale wa kwenye karatasi ulikuwa unashuka.

Alisogeza karatasi dirishani. Ukashuka vilevile. Alianza kusema kwamba haya ni makosa ya wachapaji wa mwaka huu, halafu akanyamaza, kwa sababu mchoro ule haukuwa wa mwaka huu. Alikumbuka vizuri. Aliuchora kwa mkono, akampa karani wa mitihani auingize kwenye kompyuta, karani akaurudisha umenyooka na mzuri, naye akautia saini bila kuutazama maana alikuwa na haraka ya kwenda harusini. Tangu siku hiyo ulitolewa ulivyo, kila swali la saba lilipohitajika. Kichwani mwake mshale uliendelea kupanda. Kwenye karatasi ulikuwa umeshuka siku zote.

Fundi alichukua chaki iliyobaki. Kwa mshale unaoshuka, Ix haigeuzwi ishara. Chanzo tegemezi kingeingiza 3.53 ongeza j5.88, wakati kinachotoka ni hasi ya hizohizo. Namba zilezile, ishara kinyume kabisa. Kisha akaandika majibu yake mwenyewe: nodi ya kwanza 10 ongeza j10, nodi ya pili hasi 10. Ix hapo ni hasi 10 ongeza j10. Kinachotoka nodi ya pili, hasi 20 ongeza j20. Mara mbili ya Ix, hasi 20 ongeza j20. Aliweka chaki chini na kujipangusa kwenye sketi.

"Hakuna mtu niliyemwibia," alisema. "Nilifuata kidole."

Mshale alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Aliona aibu, na alijua kabisa kwamba alichokiona ni aibu na si kitu kingine. Kilichofuata kikawa kibaya zaidi. Aliomba radhi kwa maneno machache, fundi akaitikia kwa kichwa na kwenda zake kuwaambia wenzake, naye akarudi kwenye rundo la karatasi kuangalia wale wanne waliopata 7.28, wale aliowapa alama zote kumi na tano. Hakuwa amesoma kazi zao, maana jibu likishalingana, yeye hupiga alama ya vema na kufunua ukurasa. Sasa alisoma. Mlinganyo wa kwanza ulikuwepo. Wa pili ulikuwa nusu. Kisha, bila ngazi wala kamba, jibu. Majibu yake ya zamani yalikuwa yakizunguka bwenini, na hao wanne waliyakariri. Katika mtihani ule, waliofaulu swali la saba ndio waliokuwa wezi, na aliyewapa vema ni yeye.

Alikwenda kwa mkuu wa idara kabla ya saa nane. Mkuu alikuwa mwanamke mwangalifu mwenye kabati lililojaa mafaili, na alisikiliza hadithi yote akiwa ameshika kichwa. Hakumkaripia. Kilichomsumbua ni kwamba barua za kikao zilikuwa zimeshatiwa saini na mkuu wa chuo, na hakukuwa na fomu ya kufuta barua, ilikuwepo fomu ya kuahirisha tu. Walihangaika na fomu hiyo dakika arobaini, wakafuta neno na kuandika jingine juu yake. Hatimaye wale tisa wakapata alama zao. Kuhusu wale wanne, mkuu alisema waitwe wafanye swali jingine mbele yake.

Kisha Mshale akauliza kuhusu miaka ya nyuma. Swali la saba lilikuwa limetoka mara tano.

Mkuu alifungua kitabu cha kanuni, akasoma kifungu kwa sauti, kisha akakisoma tena polepole kana kwamba huenda kingebadilika. Matokeo yaliyopita miaka mitatu hayafunguliwi. Mshale alisema kosa ni lake, lipo kwenye ubao, linahakikiwa kwa dakika tano. Mkuu alisema anaelewa. Alisema pia kwamba kanuni haina sehemu ya kuandikia kuelewa. Mshale alipiga meza kwa kiganja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ofisini kwa mtu, na kikombe cha kalamu kikaanguka. Waliziokota kalamu wote wawili.

Hakuhitaji kutafuta karatasi ya mpwa wake. Alikumbuka sasa, na alitamani asingekumbuka. Kijana alikuja nyumbani kwake jioni ya siku ya matokeo, amesimama mlangoni na karatasi ya maswali mkononi, akataka kumwonyesha kitu kwenye mchoro. Mshale hakuishika. Alimwambia mambo ya chuo yaishie chuoni, na kwamba anayetaka alama azitafute kwa kusoma, si kwa undugu. Akafunga mlango. Alilala vizuri usiku ule, akijiona mtu wa haki.

Jumamosi asubuhi alikwenda dukani. Magodoro yalikuwa yamesimamishwa ukutani yamefungwa nailoni, na moja limelazwa katikati ya chumba ili wateja wajaribu kulikalia. Mpwa wake alikuwa akiandika bei kwenye kipande cha boksi. Alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa na kalamu sikioni kama wauzaji wote. Alimwamkia mjomba wake kwa heshima, akamvutia kiti, akauliza habari za nyumbani. Mshale alijibu nzuri, na habari za nyumbani hazikuwa nzuri hata kidogo.

Alikuwa ameandaa maneno njiani, yote yakampotea. Alitoa karatasi ya mtihani mfukoni, akaikunjua juu ya godoro lile la kujaribia, na kulainisha mikunjo kwa kiganja.

Kijana aliitazama. Miaka sita bila kugusa hata balbu, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Kidole kilitua kando ya kapasita, kikashuka taratibu kuufuata mstari.

"Unashuka, Mjomba," alisema. "Nilikuja kukwambia."

"Ndiyo. Ulikuja."

"Nilipata hasi kumi. Nilirudia mara nne kwenye daftari nikidhani nimerukwa na akili, maana jibu lilikuwa safi mno."

Mshale alisema ilikuwa sahihi. Alisema alama zake zingekuwa hamsini, siyo thelathini na nane, na angeendelea mwaka wa pili kama wenzake. Kisha alisema lililokuwa likimsumbua tangu Alhamisi, kwamba kanuni haimruhusu kufungua matokeo yale, kwamba alibishana, akapiga meza, ikashindikana. Anaweza kuandika barua ya kukiri, lakini barua haigeuki cheti. Alipomaliza alikuwa akimtazama kijana kama anayengoja kutukanwa. Angetukanwa angepumua.

Mteja aliingia kuulizia godoro la futi tano kwa sita. Kijana alimhudumia bila haraka, akabonyeza sponji kumwonyesha uzito wake, wakakubaliana aje na gari alasiri. Mjomba alingoja kitini na mikono mapajani. Mteja alipoondoka, kijana alirudi, akaikunja karatasi kwenye mikunjo yake ileile na kuirudisha mkononi mwa mjomba wake.

"Mimi nilishazoea," alisema. "Mama ndiye hajui. Miaka yote hii anadhani nilikuwa nadanganya, eti nilikuwa sisomi. Mwambie yeye."

Mshale akamwomba waende wote, leo leo, gari atalipa yeye. Alisema ataeleza kila kitu, ila kijana akiwepo itakuwa rahisi zaidi.

"Nenda peke yako, Mjomba. Swali lilikuwa lako."

Alikwenda. Dada yake alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi, akamkaribisha, akaweka sahani mezani, na kama kawaida yake akageuka kwenda chumba kingine. Mshale akamwita arudi akae. Kisha akaitoa ile karatasi na kuanza kumweleza mwanamke ambaye hakuwahi kusikia neno nodi maishani mwake, tangu mwanzo kabisa, kidole kikiwa kwenye mshale.